Sikio likijaa kabla dunia haijazunguka: kwa wanaoanza kazi kliniki ya masikio

Wadogo zangu, nimepitia tena mafaili ya wagonjwa wa kizunguzungu, na kosa ni lilelile: kila anayesema dunia inamzunguka anaandikiwa kizunguzungu cha mkao, anafanyiwa Epley, yaani kugeuzwa kichwa kwa hatua, kisha anarudishwa nyumbani. Nawapenda kwa bidii yenu, lakini hili linanikera kwa sababu mgonjwa anaumia kwa miezi huku jibu, kama vile ugonjwa wa Meniere wa sikio la ndani, liko katika maelezo yake mwenyewe.

1. Ulizeni muda kabla ya yote. Kizunguzungu cha mkao huisha ndani ya dakika moja. Shambulio la ugonjwa wa Meniere huchukua dakika 20 hadi saa 12, na kinachofika siku kadhaa mfululizo bila usikivu kuguswa kitafutiwe jina lingine.

2. Msiamini odiogramu moja. Mama mmoja wa miaka 41 alikuwa ameshafanyiwa Epley mara tatu. Alieleza vizuri kabisa kwamba sikio la kushoto huanza kujaa, kana kwamba limeingiwa na maji, kisha hutoa mngurumo mzito. Baada ya nusu saa hivi chumba huzunguka kwa saa tatu, anatapika, na kesho yake huwa hoi. Siku chache baadaye sikio hufunguka. Kipimo chake cha usikivu kilifanywa wiki mbili baada ya shambulio, kikatoka safi, na mkono wa kijana wetu ukaandika: «Masikio hayana tatizo.» Sentensi hiyo ndiyo iliyomchelewesha, kwa kuwa kila aliyefungua faili baada ya hapo aliliacha sikio akatafuta sababu kwingine, hadi mama akaanza kuambiwa ni wasiwasi tu. Tulimwomba aje siku ambayo sikio limejaa. Alipokuja, sikio la kushoto lilihitaji desibeli 45 kwenye hezi 250 na 500, ilhali kwenye hezi 2000 lilihitaji 15 tu. Sauti zilizopitishwa kwenye mfupa wa kichwa zilitoa majibu yaleyale, na uma wa sauti ulipowekwa katikati ya paji la uso aliusikia upande wa kulia, yaani upande wenye sikio zima. Hiyo si nta wala maji nyuma ya ngoma ya sikio. Ni sikio la ndani. Wiki mbili baadaye sauti nzito zilikuwa zimerudi hadi desibeli 20, na kupanda na kushuka huko ndiko tulikokuwa tukikutafuta.

3. Elewani kinachotokea ndani, la sivyo mtabaki kukariri. Sikio la ndani lina mfereji wa utando uliojaa endolimfu, yenye potasiamu nyingi, na nje yake kuna perilimfu, yenye sodiamu nyingi. Endolimfu ikizidi, utando wa Reissner unatuna. Hapo ndipo sikio huhisi kujaa, na sauti nzito hupotea kwanza kwa sababu hupokelewa kwenye ncha ya koklea, ambako kiwambo kinachozipokea ni kipana na laini. Kwa maelezo yaliyozoeleka, utando ukipasuka potasiamu humwagikia neva: mwanzoni huichochea, kisha huizima, na ndiyo maana mtikisiko wa macho unaweza kuelekea sikio bovu kisha ukageuka. Utando ukiziba na chumvi hizo zikarudi mahali pake, shambulio hukoma. Prosper Ménière alionyesha mwaka 1861 kwamba chanzo ni sikio wala si ubongo, na mwaka 1938 Hallpike na Cairns waliuona mfereji uliotuna katika mifupa ya marehemu. Hata hivyo, kutuna huko kumeonekana pia kwa watu ambao hawakuwahi kuzunguka hata siku moja, kwa hiyo shinikizo la majimaji peke yake halimalizi maelezo.

4. Usikivu ukishuka upande mmoja, ombeni MRI, kwani uvimbe kwenye neva ya usikivu unaweza kuiga haya yote. Ulizeni pia kuhusu kipandauso.

5. Semeni ukweli kuhusu dawa. Kupunguza chumvi hakudhuru, ingawa ushahidi wake ni hafifu. Betahistini haikuishinda dawa bandia katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016. Gentamisini ya kudungwa kupitia ngoma ya sikio hupunguza mashambulio kwa kuua seli za mizani, na inaweza kuondoka na usikivu uliobaki. Kwa kuwa miaka ikipita sikio la pili nalo linaweza kuugua, mpimeni mgonjwa masikio yote mawili kabla ya kumtajia sindano hiyo.