Alama za robo mwaka: kila mtu 0.9 na wakulima bado wananung'unika

"Wakuu, mimi ni katibu wa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima wa korosho huku Newala. Tuliandika malengo ya Oktoba hadi Desemba kwa mtindo wa OKR, yaani lengo kuu na chini yake matokeo yanayopewa alama 0 hadi 1, lengo kuu likiwa mkulima alipwe haraka. Mwisho wa robo kila mmoja amejipa 0.8 hadi 0.9, ila wakulima wanalalamika vilevile. Tumekosea wapi?"

Ndugu katibu, nina uhakika karibu wote kwamba mmegawanya mlichofikia kwa shabaha, bila kutoa mlipoanzia. Kosa hilo moja linatosha kumpa 0.7 mtu ambaye hakufanya lolote.

Chukua tokeo kama hili: "wakulima wenye akaunti ya benki iliyohakikiwa waongezeke kutoka asilimia 70 hadi 95." Mkiishia 90, wengi wanachukua 90 kwa 95 wanapata 0.95, makofi yanapigwa. Sasa fikiria hamkugusa kitu, mmebaki 70 ileile: 70 kwa 95 ni 0.74. Robo nzima mmekaa, na alama ni nzuri! Safari mliyopanga ni hatua 25, kutoka 70 hadi 95. Mmetembea 20. Alama ya kweli ni 20 kwa 25, yaani 0.8. Na asiyetembea anapata sifuri, kama inavyostahili.

Kwenye Eksel weka mwanzo safu ya B, mlipoishia safu ya C, shabaha safu ya D, kisha:

```
=MAX(0, MIN(1, (C2-B2)/(D2-B2)))
```

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inafanya kazi hata kwa kitu mnachotaka kipungue. Siku za malipo zilikuwa 12, mnataka 5, mmeishia 8: mmepunguza siku 4 kati ya 7, alama 0.57. Mkigawanya 5 kwa 8 mnapata 0.63, na mkibaki palepale kwenye 12 njia hiyo inawapa 0.42 ya bure. Ikitokea kompyuta inaandika `#DIV/0!`, basi shabaha na mwanzo ni namba moja. Hilo ni jambo la kulinda, si la kusogeza, na alama yake ni 1 au 0 tu.

Kwa hiyo mwanzo ndio roho ya tokeo, na huku kwetu una mtego wake. Ukiandika malengo ya Oktoba, robo iliyopita ni Julai hadi Septemba, na malipo uliyonayo humo ni ya ufuta na mbaazi. Orodha ni fupi, mizigo ni michache, karani hajachoka. Ukichukua siku za ufuta kuwa mwanzo wa korosho, utaonekana umeharibu kazi hata kama umeiboresha. Mwanzo wa Oktoba hadi Desemba uchukue Oktoba hadi Desemba ya msimu uliopita, kutoka kwenye orodha za malipo zilizomo kwenye faili, si kwa kukumbuka.

Halafu "siku za malipo" ni siku zipi? Hapa ndipo ubishi wa Januari unapozaliwa. Ukihesabu tangu siku ya mnada, unabeba siku za mnunuzi kuchelewa kulipa, ambazo AMCOS haina uwezo nazo. Ningeandika hivi: siku ya kwanza ni fedha zinapoingia akaunti ya chama; kama kwenu chama kikuu ndicho kinachomlipa mkulima, anzeni siku mnayowasilisha orodha. Siku ya mwisho ni pale wakulima 90 kati ya 100 wa mnada huo fedha zimeshaingia kwao. Usitumie wastani. Wakulima wachache ambao malipo yao yamerudi na kukaa siku 40 wanavuruga wastani wa watu wote, na ukiwaondoa kwenye hesabu unakuwa umeficha tatizo. Hao watengenezee tokeo lao: malipo yanayorudi kutoka benki.

Sasa tuyaweke pamoja, kwa mfano wa chama chenye wakulima 400. Siku za malipo zimetoka 12 hadi 8, shabaha 5: alama 0.57. Akaunti zilizohakikiwa zimetoka asilimia 70 hadi 90, shabaha 95: 0.8. Malipo yanayorudi yalikuwa 9 kwa kila 100, shabaha 2, yameishia 10: hayo yameongezeka, alama 0. Wastani wa lengo ni 0.46. Andikeni hiyo 0.46, lakini msiupeleke wastani peke yake kwenye bodi, maana sifuri ile ndiyo yenye habari.

Inawezekanaje akaunti zilizohakikiwa ziongezeke na malipo yanayorudi yaongezeke pia? Chukua orodha ya malipo 40 yaliyorudi, weka kando ya daftari la uhakiki, hesabu wangapi walikuwa wamewekewa alama ya vema. Wakiwa wachache, tatizo ni wale ambao bado hamjawafikia. Wakiwa 29, uhakiki wenyewe haukuwa uhakiki: karani alimpigia mkulima simu, akasomewa namba, akaweka vema. Hakuna aliyelinganisha jina. Daftari lina Saidi Mohamedi, benki ina Said Mohamed Said. Au shamba bado liko kwa jina la marehemu baba na akaunti ni ya mtoto. Au akaunti imelala tangu msimu uliopita.

Hapo kishawishi ni kurudi kwenye ile 0.8 na kuishusha. Msifanye hivyo. Ilipimwa kwa kanuni mliyokubaliana Oktoba, iacheni, na pembeni muandike: "uhakiki ulihesabu simu, si majina." Leo mkishusha alama kwa nia njema, kesho mtu atapandisha kwa nia yake. Vivyo hivyo shabaha ikibadilishwa katikati ya robo: ya zamani ibaki kwenye karatasi pamoja na tarehe ya mabadiliko, na zote mbili zipewe alama. Mvua, barabara na mnada ulioahirishwa viandikwe kwenye safu ya maelezo. Haviongezi alama.

Jambo jingine linaloleta 0.9 ni watu kuogopa 0.6. Mtindo huu una aina mbili za matokeo, na lazima aina itajwe siku ya kuandika. Kuna la kujinyoosha, kama siku 12 hadi 5, ambalo hata 0.7 ni kazi nzuri. Na kuna la wajibu, mfano kila mzigo uliopokelewa uwe na stakabadhi, ambalo 0.9 ni kushindwa, kwa sababu kuna mkulima ameondoka bila karatasi. Mkizichanganya, au mkifunga alama na posho, kila mtu ataweka shabaha fupi anayoijua ameshaifikia.

Kuhusu nani atoe alama: mwenye tokeo alete namba ya mwisho na karatasi ilikotoka, mtu mwingine aiingize kwenye kanuni. Kwa watu watano mezani ni kazi ya saa moja hivi. Kwa robo ijayo mimi ningebadilisha sentensi moja tu: akaunti iliyohakikiwa ni ile ambayo benki imethibitisha jina, au imewahi kupokea malipo ya chama msimu huu. Mkihesabu upya kwa maana hiyo, namba mtakayopata ndiyo mwanzo wenu.