Posho ya dola, kodi ya shilingi: ushauri kwa wanaoanza masomo Nairobi

Ninyi mnaokuja Nairobi kwa ufadhili wa masomo unaolipwa kwa dola mtakutana mapema na jambo ambalo barua ya ufadhili haitaji: posho yenu haibadiliki kwa dola, ila kwa shilingi hubadilika kila mwezi, na kodi ya nyumba, chakula na nauli ya matatu vyote hulipwa kwa shilingi. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili huko, posho yangu ilikuwa dola 600 kwa mwezi, na kosa nililolifanya ni la kuhesabu tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takribani shilingi 124 za Kenya. Mwaka mzima shilingi ilizidi kushuka, hata kufikia Januari 2024 dola ikawa inagusa 160. Mwezi huo benki ilininunulia dola zangu kwa 158, nikapata shilingi 94,800. Nilijiona nimeongezwa posho, nikahama bedsita ya shilingi 20,000 na kuingia nyumba ya shilingi 32,000, nikalipa na amana ya mwezi mmoja.

Wakati huo shaka kubwa ya soko ilikuwa kama Kenya ingeweza kulipa hatifungani yake, yaani deni lake kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Februari serikali ilitoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kuilipa ile ya zamani, shaka ikapungua, na katika wiki chache shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Aprili benki ilininunulia kwa 128, yaani shilingi 76,800. Nilikuwa nimepoteza shilingi 18,000 kwa mwezi bila mfadhili kupunguza hata senti moja, na mwenye nyumba, kwa haki yake, hakuwa na habari na dola.

Tangu hapo napanga bajeti kwa kiwango cha chini kabisa cha miezi 12 iliyopita, si kwa kiwango cha leo. Zingatieni pia kwamba kiwango kinachowahusu ni bei ya benki ya kununulia dola, ambayo huwa chini ya wastani unaotangazwa na Benki Kuu ya Kenya; kwa hiyo ule wastani wa 124 wa mwanzoni mwa 2023 ningeufanya 120. Dola 600 kwa 120 ni shilingi 72,000, na hizo ndizo zigawanywe: kodi, chakula, nauli, intaneti, uchapishaji wa kazi za chuo, na kadhalika. Kinachozidi hapo si mapato ya kutumia, bali ni akiba ya miezi ambayo kiwango kitashuka. Kama ningefanya hivyo kuanzia Oktoba 2023 hadi Januari 2024, kila mwezi ningebakiwa na zaidi ya shilingi 15,000, na Aprili ingenikuta na akiba isiyopungua 60,000, tena nikiwa bado ndani ya bajeti.

Swali linaloulizwa sana ni kama akiba hiyo ikae kwa dola au kwa shilingi. Wengi huona dola ni salama zaidi, nami niliamini hivyo. Lakini hatari yenu ni shilingi kupanda, na dola zilizolala kwenye akaunti hupungua thamani siku ileile posho inapopungua. Mtaumia mara mbili. Matumizi ya shilingi ya miezi mitatu ijayo yakae kwa shilingi. Kwa dola yaachwe yale yatakayolipwa kwa dola, kama tiketi ya ndege au ada ya mkutano wa kitaaluma.

Hilo linahitaji akaunti mbili. Mkitoa namba ya akaunti ya shilingi, benki itabadilisha fedha zote siku zinapoingia, kwa bei yake, bila kuwauliza. Fungueni akaunti ya dola kabla ya kumpelekea mfadhili fomu. Ikiwa posho huja kwa robo mwaka, badilisheni theluthi moja kila mwezi, ili dola 1,800 zisitegemee bei ya siku moja. Ila ulizeni kwanza kama kuna ada kwa kila muamala, maana ikiwa kubwa ni afadhali kubadilisha mara mbili tu.

Mpango huu una mpaka wake: kiwango kikishuka chini ya kile mlichochagua na kikakaa huko, akiba itaisha, na hapo ni kodi ya nyumba inayopaswa kupunguzwa. Kiwango mlichochagua kipitieni kila baada ya miezi mitatu. Na kila posho inapoingia, linganisheni dola zilizofika na zilizoandikwa kwenye barua kabla ya kulaumu kiwango. Zangu mwanzoni zilikuwa zikifika 580, kwa kuwa benki za katikati zilikuwa zikikata ada yao njiani, na mfadhili alipoombwa kulipia gharama hizo mwenyewe, alikubali.