Transista inataka omu 10, antena ina omu 50: kazi ya koili moja na kapasita moja

Vijana wanaojenga transmita ndogo za redio ya ridhaa huniletea lalamiko lilelile hapa Moshi: "Fundi, mchoro unasema wati 5, mbona mimi napata wati 1?" Wakifika kwangu huwa wameshabadilisha transista, na wapo walioshaagiza kubwa zaidi kutoka Kariakoo. Kabla hujatoa hela yako, chukua kalamu kwanza.

Tuseme unatumia betri ya pikipiki ya volti 12. Transista haiwezi kuishusha kolekta yake mpaka sifuri kabisa. Ukitoa volti kama 2 zinazobaki kwenye transista yenyewe na kwenye rezista ya emita, wimbi lako litakuwa na kilele cha volti 10. Nguvu inayotoka ni kilele hicho kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kugawanywa kwa mara mbili ya ukinzani ambao transista inauona mbele yake. Antena yako ni ya omu 50, kwa hiyo ni 100 gawanya kwa 100, sawa na wati 1. Zile wati 4 unazozitafuta hazijapotea popote, hazijawahi kutengenezwa. Ili itoe wati 5 kwa volti zilezile, transista inatakiwa ione omu 10.

Hapa wengi hudhani omu 10 ni ukinzani uliomo ndani ya transista. Sivyo. Ni mzigo ambao transista inapaswa kuukuta, na unaupata kwa hesabu ya volti na wati unazotaka. Ukibadilisha betri, namba hiyo nayo inabadilika, hata kama transista ni ileile.

Kijana mmoja anayesoma ufundi Arusha aliniuliza swali zuri. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Sasa fundi, nikiweka rezista ya omu 12.5 sambamba na antena, si napata omu 10?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, utazipata, na transista itatoa wati 5 kamili. Lakini wati 4 zitaishia kuchemsha rezista, na antena itabaki na wati 1 ileile. Tunachohitaji ni vitu vinavyobadilisha sura ya mzigo bila kula nguvu. Koili na kapasita hufanya hivyo, kwa sharti moja: ni kwa masafa uliyoyachagua tu.

Mimi napenda kuielewesha saketi hii kwa kuanzia upande wa transista. Chukua omu 10, uiunganishe kwa mfululizo na koili ambayo katika masafa yako ina riaktansi ya omu 20. Riaktansi ni ule ukinzani wa koili au kapasita unaotegemea masafa na usiogeuza umeme kuwa joto. Sasa fanya hesabu hii: 10 mara 10 ni 100, 20 mara 20 ni 400, jumla 500. Gawanya 500 kwa 10 unapata 50. Gawanya 500 kwa 20 unapata 25. Maana yake ni kwamba, kwa masafa hayo, rezista ya omu 10 na koili ya omu 20 zilizofuatana haziwezi kutofautishwa na rezista ya omu 50 iliyo sambamba na koili ya omu 25. Ukiweka kapasita ya omu 25 sambamba hapo, inaifuta ile koili ya sambamba, na kinachobaki ni omu 50 tupu.

Inafanya kazi hivyohivyo kutoka upande wa pili. Antena ya omu 50 ikikaa upande wa kapasita, transista iliyo upande wa koili inaona omu 10. Zile 20 na 25 sikuziokota hewani, zinatoka hapa, kwa masafa ya megahezi 7.1, ambapo Q ni riaktansi ya koili ikigawanywa kwa omu 10:

```
Q   = sqrt(50/10 - 1) = 2
X_L = Q × 10 = 20
X_C = 50 / Q = 25
L = X_L / (2π f)     = 20 / (6.283 × 7100000)       = 0.448 µH
C = 1 / (2π f × X_C) = 1 / (6.283 × 7100000 × 25)   = 897 pF
```

Kapasita ni rahisi: ya pikofaradi 680 na ya 220 zikiwa sambamba zinakupa 900. Zimeandikwa 681 na 221. Lakini usichukue yoyote utakayoikuta kwenye bodi mbovu. Kwa wati 5 kuna karibu ampea 0.6 ya mkondo wa redio inayopita humo, na zile za seramiki za bei ya chini, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchuja umeme wa betri, zitapata moto na thamani yake itahama. Tafuta za aina ya NP0, ambazo kwa umbo la sahani huwa na alama nyeusi juu, au zile za maika. Ukizima transmita baada ya dakika moja ukakuta kapasita ina joto, umeshapata jibu: ing'oe.

Koili nayo haihitaji kiini chochote. Nenda kwa fundi anayewaindi mota, mwombe kipande cha waya wa kopa wa milimita 1 wenye vanishi, uviringe mizunguko 8 juu ya kitako cha keekee ya milimita 9. Ukiutoa, uvute taratibu mpaka urefu wa koili uwe milimita 9.5 hivi. Hapo una karibu maikrohenri 0.45. Ukiibana, thamani inapanda, ukiivuta, inashuka. Kwa sababu hiyo nazipenda koili za hewa kuliko za kiini cha pete: kwenye pete kubana au kuachanisha mizunguko hubadilisha thamani kidogo tu, zaidi ya hapo unalazimika kuongeza au kupunguza mzunguko mzima. Kumbuka tu kukwangua vanishi kwenye ncha kabla ya kulehemu.

Kabla ya kufunga kwenye transmita, pima. Siku hizi vijana wengi wanachangia kununua NanoVNA moja, kifaa kidogo kinachoonyesha omu na riaktansi kwa masafa unayoyachagua, na kwa kazi hii inatosha sana. Ikalibreti palepale kwenye ncha ya waya utakaotumia kupimia. Weka rezista ya omu 10 mahali pa transista, miguu ikiwa mifupi, na kifaa kiwe upande wa kapasita. Rezista iwe ndogo ya kawaida ya kaboni. Yale matofali meupe ya saruji yana waya ulioviringwa ndani, na waya huo nao ni koili. Katika megahezi 7.1 unataka kusoma 50 na riaktansi sifuri.

Mara ya kwanza hutazipata, na hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima wakigusa kila kitu kwa pamoja. Utaratibu wangu ni huu: koili ndiyo yenye kurekebisha omu, kapasita ndiyo yenye kurekebisha riaktansi. Kwa mfano, koili ikiwa na riaktansi ya 22 badala ya 20, utasoma karibu omu 57 na riaktansi hasi, kama 8 chini ya sifuri. Ikiwa na 18, utasoma 42 na riaktansi chanya, kama 4. Lakini kapasita ikizidi kwa asilimia 10, omu zinateremka kidogo tu mpaka 48, huku riaktansi ikishuka mpaka hasi 10 hivi. Basi anza na koili, ibane au ivute mpaka usome kama 50, ndipo uongeze au upunguze kapasita mpaka riaktansi iishe. Rudia kidogo kama itabidi.

Ukiona omu hazikaribii 50 hata ufanyeje, angalia kama hujaigeuza saketi. Kapasita hukaa upande wa omu nyingi, siku zote. Ukiiweka kapasita ya omu 25 sambamba na zile omu 10, zinashuka mpaka 8.6, na koili itakayofuata kwa mfululizo haina uwezo wa kuzipandisha tena. Inaondoa riaktansi, basi.

Jambo lingine: koili hii inapitisha umeme wa betri bila kizuizi. Kolekta ina volti 12 zinazoletwa na choki, yaani koili inayopitisha umeme wa betri na kuzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 (104) kati ya kolekta na koili. Katika megahezi 7.1 riaktansi yake ni omu 0.2 tu, haitavuruga hesabu. Usipoiweka, volti 12 zitafika mpaka kwenye waya wa antena, na antena ambayo kwa betri ni njia ya moja kwa moja kwenda ardhini itaunguza choki. Choki yenyewe ya maikrohenri 10 inafaa: ina riaktansi ya omu 446, mbali sana na 10.

Ukishafunga, jaribu kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista mbili za omu 100 za wati 3 za filamu sambamba. Diodi na kapasita ndogo zikisoma kilele, multimita yako itaonyesha karibu volti 22. Kabla ya kumechisha, ilikuwa chini kidogo ya 10.

Kuhusu masafa, bendi yote ya megahezi 7.0 hadi 7.2 inapita vizuri, pale 7.0 kipimo kinasoma karibu 49. Ila usidanganyike ukajaribu koili hiyohiyo kwenye 14.2. Hapo koili inakuwa omu 40, kapasita inakuwa 12.5, na ile rezista ya omu 10 inaonekana kama omu zisizofika 2 zenye riaktansi hasi ya 17.5. Na kwa sababu huko juu omu zinaporomoka hivyo, wengine husema saketi hii inatosha kuzuia mawimbi mengine. Haitoshi. Inayapunguza, lakini transista inayofanya kazi kwa kukatakata wimbi inatoa mengi mno, kwa hiyo kichujio cha omu 50 lazima kifuate baada yake kabla hujagusa antena, na leseni ya TCRA iwe mkononi.

Anayetaka megahezi 14.2 kwa wati zilezile na betri ileile asirudie hesabu yote. Zile 20 na 25 hazibadiliki, koili na kapasita ndizo zinazogawanywa kwa mbili: maikrohenri 0.224 na pikofaradi 448. Kwenye masafa ya FM, kama megahezi 98, koili inabaki nanohenri 32 tu, na sentimita moja ya mguu wa kapasita peke yake ina karibu 8 au 10. Huko, kata miguu yote kabla ya kupima.