Unene haupunguzi mkazo: kwa vijana wapya wa karakana

Juma hili nilisimama nyuma ya kijana mmoja mpya, akiwa ameinamia mchoro wa rimu ya flaiwili, lile gurudumu zito la kutuliza mwendo wa shafti, ambayo mteja anataka izunguke kwa kasi zaidi kuliko ile ya zamani. Nilimuuliza atafanya nini ili isipasuke. Akanijibu bila ya kusita, "Nitaiongeza upana, Maalim, ipate nyama." Mwenzake aliyekuwa akikata bati pembeni akatikisa kichwa kukubali. Sikumkemea, kwa sababu jibu hilo hilo nililitoa mimi zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na nililipia nauli ya boti ya kwenda na kurudi Pemba pamoja na mengine nitakayoyaeleza. Lakini yeye ni wa tatu mwaka huu, na subira yangu ina kikomo, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote.

1. Anzeni na kipande kidogo cha pete, musianze na nusu yake. Rimu ni pete, na hesabu ya mkazo wake inapozunguka mulifundishwa skuli, ila naona wengi mumebaki na jibu mukaiacha njia. Chukueni kipande kinachobeba pembe ndogo tu katikati ya pete. Tensheni T inakivuta kutoka ncha zote mbili, na kwa kuwa ncha hizo haziko kwenye mstari mmoja ulionyooka, mivuto miwili haifutani kabisa: inabaki kani ya kuelekea katikati, ambayo ni T mara pembe ile. Hiyo ndiyo kani pekee inayokizuia kipande kisichomoke na kwenda zake moja kwa moja. Tungamo la kipande ni densiti ρ mara eneo la mkato A mara nusu kipenyo r mara pembe, na ili kizunguke kwa kasi v kinahitaji tungamo lake mara v²/r. Linganisheni pande mbili: pembe inafutika, r nayo inafutika, na kinachobaki ni T = ρAv². Gawanyeni kwa A mupate mkazo ndani ya chuma, yaani σ = ρv². Tazameni kilichopotea njiani. Mkazo hauulizi pete ni kubwa au ndogo, wala nene au nyembamba. Unauliza densiti na kasi ya rimu, basi.

Wale wanaopenda nusu ya pete huzidisha tungamo la nusu nzima kwa v²/r, wakagawanya kwa mbili, wakapata jibu lililozidi kwa mara 1.57. Wanasahau kwamba vipande vya pembeni havivutwi upande ule ule na kipande cha juu. Kitovu cha uzito wa nusu pete hakiko kwenye rimu, kiko umbali wa 2r/π kutoka katikati, na ukitumia umbali huo jibu linarudi kuwa ρAv².

2. Jueni tofauti ya T na σ, kwa sababu mimi sikuijua, au niliijua kwenye karatasi tu. Hapa nitakaa kidogo.

Kulikuwa na bwana mmoja Pemba mwenye kinu cha kukoboa mpunga kilichoendeshwa kwa injini ya dizeli. Mzigo ulikuwa ukiitikisa shafti, akataka flaiwili ya ziada. Shafti ililala baina ya beringi mbili ambazo hakutaka zifunguliwe, kwa hiyo flaiwili ilitengenezwa kwa nusu mbili zinazofungwa juu ya shafti kwa bolti. Rimu ilikuwa ya chuma cha pua, unene milimita 40, upana milimita 60, na kipenyo chake cha wastani mita 1. Kila kiungo cha rimu kilikuwa na bolti mbili za M12, zile za kawaida zilizoandikwa 4.6 kichwani. Shafti ilizunguka mara 600 kwa dakika. Fundi mkuu wetu ndiye aliyeipiga hesabu, na flaiwili ilifanya kazi bila ya malalamiko.

Baadaye yule bwana akabadilisha puli ili kinu kiende mizunguko 700, akaomba flaiwili iangaliwe isije ikapasuka. Fundi mkuu alikuwa safarini. Nikajiona mwanamume. Nikasema dawa ni kuongeza nyama, nikatengeneza rimu mpya yenye upana wa milimita 120 badala ya 60, kipenyo kile kile, viungo vile vile, na bolti zile zile, maana matundu yake tayari yalikuwa kwenye kigezo chetu. Rimu peke yake ilifika karibu kilo 118. Watu wanne waliibeba kushuka kwenye boti, na mimi nikitembea nyuma yao kama bwana harusi.

Sasa pigeni hesabu ambayo sikuipiga. Kwa mizunguko 600, kasi ya rimu ni mita 31.4 kwa sekunde, na ρ ya chuma cha pua ni kilo 7850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mkazo ni karibu megapaskali 7.7. Kwa mizunguko 700 kasi inakuwa mita 36.7 kwa sekunde na mkazo megapaskali 10.5. Chuma cha rimu kinavumilia megapaskali 250 kabla ya kunyumbuka moja kwa moja. Rimu ya zamani, kwa chuma chake, haikuwa na shida hata kidogo, na nyama niliyoiongeza haikupunguza mkazo huo hata kwa unywele, kwa sababu kila kipande nilichokiongeza kilikuja na uzito wake wa kubebwa.

Shida ilikuwa kwenye viungo. Pale chuma kimekatika, na kinachobeba tensheni si eneo lote la rimu, ni bolti mbili. Rimu ya mwanzo ilikuwa na T ya kilonyutoni 18.6, yaani 9.3 kwa kila bolti. Bolti ya M12 ya aina ile hubeba kilonyutoni 20 hivi kabla haijaanza kurefuka bila ya kurudi, kwa hiyo ilikuwa salama. Mimi nikazidisha A mara mbili, T nayo ikazidi mara mbili, kisha kasi ikaiongeza tena kwa mara 1.36. Kila bolti ikapewa kilonyutoni 25. Mikono ya gurudumu ilisaidia kidogo, na chuma cha bolti hakikatiki mpaka kwenye kilonyutoni 33 au zaidi, na hizo ndizo sababu mbili kwamba hakuna aliyeumia.

Baada ya wiki chache yule bwana alinipigia simu. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. "Fundi," aliniambia, "gurudumu lako linasaga meno." Nilivuka nikiwa na matumaini kwamba ni beringi. Kinu kilipozimwa niliinama kwenye kiungo cha kwanza na kuona unga mwekundu wa kutu umetoka katikati ya nyuso mbili zilizopaswa kubanana. Nikachukua fila geji, yale majani ya chuma ya kupimia mwanya. Kiungo ambacho siku ya kufunga hakikupitisha hata jani jembamba kabisa, sasa kilipitisha majani ya karibu nusu milimita kwa pamoja. Nati niliizungusha kwa vidole. Nilipoitoa bolti na kuijaribu kwa nati mpya kutoka mfukoni, nati ilishuka vizuri kwenye nyuzi za mwanzo, kisha ikakwama katikati, mahali ambapo nyuzi zimerefuka na hazifanani tena na za nati. Zote nne zilikuwa hivyo. Nilikaa chini juu ya gunia la makapi nikakokotoa ρAv² nyuma ya risiti ya boti, na jibu likanitazama.

Yule bwana akaniletea chai. Akaniuliza kama flaiwili ni nyepesi sana, pengine iongezwe. Sikuwa na uso wa kumjibu.

Tuliirudisha rimu kwenye upana wa milimita 60. Viungo tukavipa bolti za M16 zilizoandikwa 8.8, ambazo kwa T ya kilonyutoni 25 zinagawana 12.6 kila moja ilhali uwezo wake ni karibu 100. Tukazikaza kwa spana ya kupimia mpaka zikabana kiungo kuliko tensheni inavyoweza kukifungua, kwa maana bolti iliyolegea hupokea mzigo upya kila injini inapowashwa na kuzimwa, na huchoka haraka. Nauli na chuma nililipa mimi.

3. Takometa iwekeni kwenye shafti yenyewe, musiamini kibati cha injini. Kosa la asilimia 10 kwenye kasi ni asilimia 21 kwenye mkazo.

4. Mteja akitaka kasi kubwa zaidi, jambo la kubadilisha ni chuma, na hapo linganisheni uwezo na densiti kwa pamoja. Kasi ya mwisho ya pete nzima isiyo na kiungo ni kipeuo cha pili cha σ/ρ. Chuma cha pua cha megapaskali 250 kinatoa mita 178 kwa sekunde. Aluminiamu ya megapaskali 270, yenye densiti ya 2700, inatoa mita 316, ingawa kwa nguvu, hizo mbili ni karibu ndugu. Ndiyo sababu flaiwili za kasi kubwa hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizofungwa kwa gundi, ambazo ni nyepesi na zina nguvu kwa upande wa kuvutwa.

Musichukue namba hizo mukazipeleka kwa mteja. Chuma cha kusubu, kwa desturi ya mafundi wa zamani, hakikuruhusiwa kuzidi mita 30 kwa sekunde kwenye rimu, na kwa densiti ya 7200 huo ni mkazo wa megapaskali 6.5 tu, wakati chuma chenyewe huweza kuvumilia 150. Hawakuwa waoga. Fomula yetu ni ya pete nyembamba iliyo huru, na flaiwili ina mikono: rimu inataka kutanuka, mikono inaizuia, na sehemu iliyo baina ya mkono na mkono inapinda kuelekea nje. Ongeza mapovu yaliyobaki ndani wakati wa kusubu, na mikazo iliyofungiwa chuma kilipopoa. Kwa hiyo ρv² ni pa kuanzia tu, si pa kuishia. Na diski nzima, au rimu ambayo unene wake umekaribia nusu kipenyo, ina hesabu nyingine.

Bolti moja kati ya zile nne iko kwenye droo ya meza yangu, pamoja na nati mpya. Kijana wa juma hili nilimpa aizungushe. Alizungusha mara sita hivi, ikakwama, akaigeuza na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaurudia mchoro wake na kuanza kuhesabu bolti.