Ni mkwamo au njaa ya rasilimali?

"Programu yangu ya kuhamisha fedha kati ya akaunti huganda ghafla. Huu ni mkwamo, au uzi mmoja tu unakosa zamu?"

Ndugu, angalia kwanza kama nyuzi zinazogusa akaunti hizo bado zinasonga. Tuseme uzi wa kwanza umefunga akaunti A kwa kufuli na unaisubiri B. Wa pili umefunga B na unaisubiri A. Hapo masharti yote manne ya mkwamo yametimia: kufuli hushikwa na mmoja tu, kila uzi unashika huku ukisubiri, hakuna anayenyang'anywa, na kusubiriana kumefunga duara. Ngoja hata hadi kesho, hautoki hata mmoja.

Kwenye njaa, kufuli huachiwa na wengine hupita, ila mmoja anarukwa kila mara, mara nyingi kwa kipaumbele chake cha chini. Mzigo ukipungua, anaweza kupata zamu. Mkwamo hauachii kwa kupungua mzigo.

Kwa hali yako ningevunja duara: funga kwanza akaunti yenye namba ndogo, hata fedha zinapotoka B kwenda A. Njaa haitibiwi hivyo. Hiyo inahitaji foleni ya anayetangulia kufika kuhudumiwa kwanza.