Sentensi ya kwanza na ya mwisho za riwaya ya The Outsiders

“Sentensi ya mwisho inarudia ile ya mwanzo. Niandike nini zaidi ya ‘imerudiwa’? Au lile jua ni ishara ya matumaini?”

Ndugu, aliyekwisha kukujibu kuwa marudio hayo ni ishara ya maisha yasiyobadilika yuko sawa nusu tu. Angalia sentensi hiyo inaandikwa lini. Sura ya 1, msimulizi Ponyboy anatoka sinema, gizani kwenda juani, akiwaza Paul Newman na usafiri wa kurudi nyumbani. Unamwona kijana asiye na mzigo. Sura ya 12, rafiki zake Johnny na Dally wameshakufa. Anasoma barua ya Johnny, kisha anashika kalamu aandike insha ya darasani, na sentensi ileile inatoka. Kumbe kitabu kizima ndiyo insha! Aliyetusimulia mwanzoni alikuwa tayari ameshafiwa.

Sasa rudi sura ya 1 pale anapomfananisha Johnny na mtoto wa mbwa aliyepigwa mateke mara nyingi. Mara ya kwanza ni sifa ya rafiki, mara ya pili unasoma tanzia. Shika hapo, utapata aya mbili.

Lile jua kuwa ishara ya matumaini, kama ulivyogusia, mimi bado sijashawishika.