NPV inasema mashine kubwa, IRR inasema ndogo: nani anafuatwa?

*"Wakuu, eneo ninalo moja tu, kwa hiyo nachagua mradi mmoja. Mashine ya kusaga dona: natoa milioni 20, inaniletea milioni 10 kila mwaka kwa miaka 3. Ya kukoboa na kusaga sembe: natoa milioni 50, inaleta milioni 24 kila mwaka, miaka 3 vilevile. Pesa ni yangu mwenyewe, na kwingineko ingenizalishia 12%. IRR inaichagua ndogo, NPV inaichagua kubwa. Nimekosea wapi?"*

Mkuu, hujakosea popote. Majibu yote mawili ni sahihi, ila yanajibu maswali tofauti. Kwa pesa yako mwenyewe na hiyo 12%, fuata NPV, yaani thamani ya leo ya mapato yote ukishatoa mtaji: chukua mashine kubwa. Lakini usiishie hapo, maana kuna hali moja ambayo jibu linageuka kabisa, nitaifikia.

Tuanze na hesabu yenyewe ili tuwe kwenye ukurasa wa daftari mmoja. Milioni 10 utakayoipata mwisho wa mwaka wa kwanza, ukiigawa kwa 1.12, leo ina thamani ya milioni 8.93. Ya mwaka wa pili unaigawa kwa 1.12 mara mbili, inabaki 7.97. Ya mwaka wa tatu, 7.12. Jumla ni milioni 24.02. Toa 20 ulizoweka, NPV ya mashine ndogo ni milioni 4.02. Kwa kubwa fanya vivyo hivyo: 21.43, 19.13 na 17.08, jumla 57.64, toa 50, zinabaki milioni 7.64.

IRR ni kiwango ambacho kikitumika badala ya 12%, NPV inakuwa sifuri. Kwa mkono unakitafuta kwa kujaribu. Mashine ndogo ukiipima kwa 23%, mapato yake yana thamani ya leo ya milioni 20.11, kwa 24% yanashuka hadi 19.81. Basi 20 kamili iko katikati, karibu na 23.4%. Kubwa inaangukia karibu na 20.7%.

Ukitumia Excel, chunga kitu kimoja. Tuseme pesa ya kuanzia, yaani -20, iko B2, na mapato yako B3 hadi B5:

```
=NPV(12%,B3:B5)+B2
=IRR(B2:B5)
```

Watu wengi wanaingiza B2 ndani ya mabano ya NPV. Excel inahesabu kila kilichomo kama pesa ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo hata mtaji uliotoa leo inausogeza mwaka mmoja mbele. Ukiona mashine ndogo inakupa 3.59 badala ya 4.02, ujue ndilo kosa hilo.

Sasa kwa nini zinagongana? Asilimia haina ukubwa. 23.4% ni ya milioni 20, na 20.7% ni ya milioni 50. IRR inakwambia kila shilingi iliyo ndani ya mradi inafanya kazi kwa kasi gani, lakini haiulizi ni shilingi ngapi ziko kazini. Na hasa haiulizi hizo milioni 30 zitakazobaki mfukoni ukichukua mashine ndogo zitakuwa wapi.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wakulima, tukiwa na njia mbili za kutumia akiba yetu. Kwenye kikao swali lilikuwa moja tu: "Asilimia ngapi?" Mradi mdogo ulikuwa na asilimia kubwa zaidi, ukapita. Kazi yake ilikwenda vizuri kama tulivyokadiria. Lakini sehemu kubwa ya akiba ilibaki kwenye akaunti ya kawaida kwa misimu miwili, ikipata riba ya kuhesabika kwa vidole, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameipangia kazi. Mwisho wa yote wanachama waligawana faida ndogo kuliko ambayo mradi mkubwa ungetoa. Tangu hapo, kila ninapoona miradi miwili ya kuchagua mmoja, napima kwanza ile tofauti.

Na hiyo ndiyo hesabu nitakayokuomba uifanye. Toa mradi mdogo kwenye mkubwa, mwaka kwa mwaka. Unaongeza milioni 30 leo, unaongezewa milioni 14 kila mwaka kwa miaka 3. Uchukulie huo kama mradi wa tatu unaojitegemea. IRR yake ni karibu 18.9%, na NPV yake kwa 12% ni milioni 3.63, ambayo ndiyo pengo kati ya 7.64 na 4.02 ukiacha kuzungushwa kwa tarakimu. Yaani hizo milioni 30 za nyongeza zikiingia kwenye mashine kubwa zinakulipa 18.9%, wakati kwingineko zingekulipa 12%. Zikikaa huko kwingineko hazikuongezei NPV hata senti, maana 12% ndicho kipimo chenyewe. Ukiiangalia hivi, IRR na NPV hazigombani tena: zote zinasema ongeza.

Hiyo 18.9% ndiyo mpaka. Chini yake kubwa inashinda kwa NPV, juu yake ndogo inashinda. Pima zote mbili kwa 20% uone: ndogo inabaki na milioni 1.06, kubwa 0.56. Mpangilio umegeuka bila mashine kubadilika.

Ndiyo hali niliyokwambia nitaifikia. Kama kweli unazo milioni 20 tu na hizo 30 unakwenda kukopa kwa riba ya 22%, basi nyongeza inayolipa 18.9% inakula mtaji wako. Hapo chukua ndogo. Umeandika pesa ni yako, nami nimekwenda na hilo, lakini hakikisha ni yote 50, pamoja na kuvuta umeme wa njia tatu na kufunga mashine.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Umezipa mashine zote miaka 3, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Kama kubwa itadumu zaidi, hesabu hii haitoshi. Ila hebu itazame hiyo milioni 24. Ili kubwa ilingane na ndogo kwa 12%, inatosha mapato yake yashuke hadi kama milioni 22.5 kwa mwaka. Ni pungufu ya milioni moja na nusu, yaani 125,000 kwa mwezi. Kwa mashine ya kukoboa hiyo si pengo kubwa: wiki chache za mahindi kuadimika kabla ya mavuno, au LUKU uliyoikadiria kwa kubahatisha, vinatosha kuimaliza. Na je, pumba umeihesabu? Wafugaji wananunua, na mashine ya dona haikupi pumba.

Nenda kwa mtu mwenye mashine ya kukoboa mtaa mwingine, ambaye hamtagombania wateja, umuombe akuonyeshe magunia aliyokoboa mwezi wa shughuli nyingi na mwezi mkavu. Ukirudi na hizo namba mbili, ziweke hapa tuirudie milioni 24 pamoja.